Malori ni mengi Makambako, kazi ziko wapi? Wiki moja ya kupima soko la usafirishaji

*"Shikamoo. Nilimaliza shahada ya lojistiki na usafirishaji Dar es Salaam mwaka jana, nikarudi nyumbani Makambako. Malori yanapita usiku na mchana, lakini sijaona hata tangazo moja la kazi ya fani yangu hapa. Mzee anataka nirudi Dar nikatafute, na yuko tayari kuuza ng'ombe nipate nauli na kodi ya chumba. Kabla hajauza nina wiki moja na kama shilingi 40,000. Nitajuaje kama kazi za lojistiki zipo hapa kweli, au najidanganya?"*

Marahaba. Mwombe mzee ampe huyo ng'ombe wiki moja zaidi, maana swali lako linaweza kujibiwa kwa miguu na daftari, na hiyo 40,000 itatosha nauli za bodaboda, vocha na chai.

Tuanze na malori yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayowachanganya wengi wanaoishi kando ya barabara ya Tanzania–Zambia. Lori lililobeba kontena lenye lakiri kutoka bandarini kwenda Zambia au Kongo halitoi kazi ya ofisini Makambako. Anayelisimamia yuko Dar, analiona kwenye skrini yake likitembea, na dereva akifika hapo anakula, anajaza dizeli, analala, anaondoka. Yanaweza kupita mia kwa siku yasiache hata kiti kimoja cha karani. Kazi ya lojistiki inazaliwa pale mzigo unaposimama: unapopakiwa, unaposhushwa, unapohifadhiwa, unapohesabiwa, au unapohamishwa kutoka gari moja kwenda jingine. Kwa hiyo acha kuhesabu malori yanayopita, uanze kuhesabu sehemu ambazo mzigo unasimama.

Hapo Makambako ina bahati ambayo miji mingi ya barabarani haina. Ni njia panda: barabara kuu inaendelea Mbeya na Tunduma, nyingine inakata kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni hapohapo. Saruji, soda, mbolea na bidhaa za dukani zinazoelekea Njombe, Ludewa na Ruvuma zinapitia hapo, na baadhi zinashushwa na kugawanywa upya. Mbao, nguzo za umeme, viazi, mahindi na parachichi vinatoka huko kwenda kinyume. Mizigo inayosimama ipo. Kitu ambacho mimi na wewe hatukijui ni kama wenye hiyo mizigo wanalipa mtu wa kuisimamia, na kama mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Kutoona matangazo hakukuambii lolote juu ya hilo. Mwenye malori sita au ghala moja hana ofisi ya rasilimali watu. Karani wake akiacha kazi leo mchana, jioni atamuuliza dereva wake, mke wake au mtu anayesali naye, na kesho kuna mtu mpya mezani. Lakini jihadhari na kosa la upande wa pili pia. Ukipita ukiuliza "Kuna nafasi ya kazi?", watu wetu wana adabu, watakuambia "Acha namba, tutakupigia" au "Pita wiki ijayo." Ukirudi nyumbani na ahadi kumi za namna hiyo utadhani soko limejaa, kumbe umekusanya heshima tu. Ninachokubali kama ushahidi ni fedha: mtu aliyelipa mshahara wa kazi kama yako katika miezi 12 iliyopita, au aliye tayari kulipa sasa.

Jumatatu ni siku ya kutembea bila kuomba chochote. Anza njia panda, fuata barabara ya Njombe, rudi kwenye yadi za malori, stendi panaposhushwa vifurushi vya mabasi, halafu eneo la stesheni. Andika kila mahali penye dalili kwamba mzigo unasimama: magari zaidi ya mawili yenye jina moja ubavuni, mizani ya kupimia magunia, rundo la paleti, foleni ya wapakiaji asubuhi, au meza yenye kitabu cha hati za kupokelea mzigo. Usipige picha kwenye mzani wa barabarani wala stesheni, utajitafutia maswali yasiyo na faida. Mwisho wa siku chagua sehemu 12 za aina tofauti: kiwanda cha nguzo au mbao, wakala wa saruji, msambazaji wa vinywaji, ghala la mbolea, wanunuzi wa viazi na mahindi, wenye malori wa hapohapo. Ukichukua maghala 12 ya viazi matupu utapima soko la viazi, basi.

Jumanne na Jumatano ni za kuongea. Usiende alfajiri, wakati wa kupakia kila mtu anapigiwa simu na madereva. Saa 4 hadi saa 6 mchana kunatulia, na saa 9 alasiri panafaa kidogo. Usianze na bosi. Anza na mtu wa stoo au anayepanga magari, kwa sababu yeye ndiye anayejua kazi ilivyo na mara nyingi ndiye atakayeulizwa "unamjua mtu?". Jitambulishe kwa ukweli: wewe ni kijana wa hapa, umesoma usafirishaji, unataka kuelewa kazi hii inafanyikaje Makambako kabla hujaamua kuhama. Bahasha ya vyeti iache nyumbani siku hizi mbili. Mtu akiiona tu, mazungumzo yanageuka kuwa ya kuombwa kazi na yeye anaanza kujilinda.

Maswali yako ni matatu. La kwanza: mara ya mwisho mliajiri lini mtu wa stoo, wa kupanga magari au wa hati za mizigo, na mlimpataje? La pili: nani aliamua, ninyi hapa au makao makuu? La tatu: wiki iliyopita gari au mzigo gani ulichelewa, na kwa nini? Swali la tatu liulize mwisho, kisha nyamaza. Watu wa malori wakianza kusimulia kilichowachelewesha hawaishii njiani, na humo ndimo kazi yako ilimojificha.

Andika majibu mara tu unapotoka nje, kabla hayajachanganyika na ya mahali pengine. Mstari mmoja kwenye daftari lako unaweza kusomeka hivi: "Ghala la viazi, njia ya Njombe. Magari yao 2, ya kukodi hadi 4 siku ya kupakia. Karani aliajiriwa Oktoba, ni shemeji wa mwenye ghala. Anaamua mwenye ghala mwenyewe. Wiki jana Fuso moja ilizuiwa mzanini, uzito ulizidi, viazi vikafika Dar siku moja baadaye."

Wengi wakisoma mstari huo wanaona shemeji na kukata tamaa. Mimi naona habari mbili tofauti. Kwanza, mtu huyu alihitaji karani na akalipa, kwa hiyo kazi ipo. Pili, mlango wa kuingilia ni undugu, kwa hiyo barua ya maombi haitafika popote. Usichanganye mambo hayo mawili. Mahali ambapo kazi ipo ila mlango ni wa ndugu, unaingia kwa kutatua jambo ambalo ndugu hawezi kulitatua, na mstari ule unakuonyesha jambo lenyewe: uzito.

Hilo la uzito nalikazia kwa sababu naliona kila mahali kwenye ukanda huo, na ni kazi ya Alhamisi yako. Tanzania inatumia sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini Machi 2019. Uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56, lakini kila kundi la ekseli nalo hupimwa peke yake. Gari linaweza kuwa sawa kwa jumla na bado likazuiwa kwa sababu mzigo umelundikwa nyuma. Kwenye viazi kuna tatizo la ziada, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake. Karani anaandika gunia 100, kichwani anajua gunia ni kilo 100, anaona tani 10 zimetimia. Hakuna aliyepima.

Mwombe mwenye ghala akuruhusu upime magunia kumi. Uyachague wewe, kila la kumi kwenye foleni ya kupakia, maana mpakiaji akikuchagulia atakupa yaliyo mbele yake. Tuseme yote kumi yametoa kilo 1,320. Wastani ni kilo 132, kwa hiyo magunia 100 ni kilo 13,200, na gari linaloruhusiwa kubeba tani 10 limezidisha tani 3.2. Ili libaki ndani ya tani 10 linatakiwa kupakia magunia 75 ya lumbesa hiyo, yaani kilo 9,900, au viazi hivyohivyo vifungwe upya katika magunia 99 ya kilo 100.

Sasa weka fedha, kwa sababu hapo ndipo utajua kama kuna mteja. Chukua mfano kwamba gari limekodiwa kwa shilingi 900,000. Kwa kilo 13,200, kila kilo imesafiri kwa shilingi 68. Kwa kilo 9,900 imesafiri kwa shilingi 91. Mfanyabiashara ukimpelekea hesabu hiyo atakuambia, kwa haki kabisa, kwamba ushauri wako unamtia hasara ya shilingi 23 kwa kila kilo. Vijana wengi waliosoma hukwama hapo: wana hesabu sahihi lakini wameipeleka kwa mtu asiyeumia. Uliza gharama ya kuzidisha inamwangukia nani. Mzani ukikamata, mara nyingi anayedaiwa ni mwenye gari. Ndiye gari lake linalazwa hadi mzigo upunguzwe, ndiye matairi na springi zake zinakatika. Basi mteja wa huduma hii ni mwenye Fuso, wala si mwenye viazi. Kwake yeye, kijana anayepima magunia kumi kabla ya kupakia na kumwambia dereva "Hili halitapita" anaokoa safari nzima. Rudi kwenye daftari uone ni wenye magari wangapi kati ya 12 walikutajia mzani bila kuulizwa. Akiwa mmoja, hiyo ni bahati mbaya yake. Wakiwa wanne, hilo ni soko.

Inawezekana daftari lako lisitaje uzito kabisa. Huenda kero iliyojirudia ni hati za kupokelea mzigo kurudi bila sahihi, hivyo wakala wa saruji halipwi kwa wakati, au magari kurudi matupu kutoka Songea. Utaratibu unabaki uleule: chukua kero moja iliyotajwa na wengi, ifanyie kazi kwa kipimo kidogo mahali pamoja, kisha utafute nani anaumia mfukoni.

Ijumaa unarudi na pendekezo lenye bei. Hapa sasa vaa vizuri na bahasha ya vyeti iwepo. Nenda kwa watatu ambao kero zao zilikuwa nzito, useme jambo fupi: "Kwa wiki mbili nitakuwa hapa kila siku ya kupakia, nitapima, nitaandika daftari, na kila gari litakaloondoka utapata karatasi ya uzito wake. Naomba shilingi 10,000 kwa gari." Bei hiyo ni mfano, wewe ipange kulingana na ulichosikia. Lengo la kutaja bei ni kumlazimisha mtu aonyeshe msimamo wake. Akisema "Wazo zuri sana, Mungu akubariki," hajanunua. Akisema "Elfu kumi nyingi, chukua tano," huyo ana shida ya kweli, kwa sababu hakuna anayepatana bei ya kitu asichokitaka. Akisema "Jumatatu kuna gari mbili, njoo saa 12 asubuhi," usiulize zaidi, nenda.

Jumamosi ni ya msimu, na usiiruke hata kama Ijumaa imekwenda vizuri. Wiki moja inaona wiki moja tu. Mahindi ya nyanda za juu kusini huanza kuvunwa karibu na Mei na Juni, na ununuzi wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hushika kasi kuanzia Julai. Mizigo ya mbolea huongezeka kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Mbao husumbuka wakati wa masika kwa sababu njia za mashambani hazipitiki. Ukipima Machi utaona mji umelala, ukipima Agosti utadhani Makambako inaajiri kila mtu. Wanaoujua mwaka mzima ni wapakiaji, madalali wa mizigo, wauza dizeli na mama ntilie wa yadini. Waulize mwezi gani wanapata fedha nyingi na mwezi gani wanakosa kabisa, na sasa hivi tuko wapi kati ya hiyo miwili. Kisha punguza au ongeza uzito wa ulichokiona.

Jumapili jioni kaa na mzee, fungueni daftari pamoja. Vipimo nitakavyokupa ni vya uzoefu, usivichukue kama sheria. Kama kati ya sehemu 12, tatu au zaidi ziliajiri mtu wa kazi hizi ndani ya mwaka, uamuzi ulifanyika hapohapo, na walau mmoja wa Ijumaa amekupa siku ya kuanza kwa malipo, ningekaa Makambako kwa miezi mitatu na ng'ombe abaki zizini. Kama waliajiri lakini uamuzi ulitoka makao makuu, kazi ipo mjini kwako ila mlango uko Dar au Mbeya. Hapo andika maombi kwa makao makuu hayo moja kwa moja, utaje tawi la Makambako kwa jina na useme unaishi hapo. Kampuni hupata taabu kupata mtu aliyesoma asiyetaka kuhama baada ya miezi sita, kwa hiyo anwani yako ni sifa. Kama hakuna aliyeajiri ila kero zimejaa, kinachotakiwa ni huduma ya kulipwa kwa gari au kwa mzigo, na utalazimika kukubali kwamba kwa muda hutakuwa na mshahara wala cheo. Na kama wote 12 hawakuajiri, hawana kero ya kulipia, na wapakiaji wanasema huu ndio msimu wenyewe, basi mzee alikuwa sahihi na wiki imekusaidia uende Dar bila kujilaumu.

Kuna kitu kuhusu cheo ambacho ni bora ukijue mapema. "Afisa lojistiki" ni jina la kampuni kubwa. Makambako kazi hiyo inaitwa mtu wa stoo, karani wa mizigo, msimamizi wa magari, mtu wa hati. Malipo ya kuanzia yatakuwa chini ya uliyokuwa ukiyawaza chuoni, nami sioni sababu ya kukuficha. Faida yake ni kwamba baada ya mwaka unaweza kuonyesha umesimamia magari mangapi na umepunguza ucheleweshaji kiasi gani, jambo ambalo mwenzako aliyebaki Dar akisubiri usaili hana.

Angalia pia milango inayohitaji ufunguo. Kazi zenye neno ununuzi au ugavi zinahitaji usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na shahada ya usafirishaji pekee haikupi usajili huo. Kazi za forodha upande wa Tunduma zina cheti chao cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha. Ukiona hizo ndizo nyingi kwenye daftari lako, fika ofisi zao au Chuo cha Kodi uulize masharti ana kwa ana, usitegemee maelezo ya mtu wa yadini.

Na kuna mambo matatu yasiyosubiri barua nyingine kwangu. Mtu akikuomba fedha ili akupatie kazi, ondoka hapo hapo. Ukiambiwa upande juu ya mzigo wa nguzo au ufunge turubai, kataa kwa upole, hiyo ni kazi ya watu waliozoea na ajali zake ni mbaya. Wewe huna mkataba, na ukiumia hakuna atakayekutambua kama mfanyakazi wake. Na majaribio yakipita wiki zile mbili mlizokubaliana, omba masharti ya kazi kwa maandishi pamoja na uandikishwaji NSSF. Wakikuzungusha huku ukiendelea kufungua na kufunga ghala lao kila siku, nenda ukaonane na afisa kazi wa mkoa pale Njombe, ubebe lile daftari lenye tarehe, namba za magari na saa ulizoingia na kutoka.